Moyo Ukidunda Mbele ya Wasaili

Mwaka 1993 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Trier nchini Ujerumani, Kirschbaum, Pirke na Hellhammer, walichapisha njia ya kumtia mtu mwenye afya njema mashaka makubwa bila hata kumgusa. Hawakutumia nyoka wala shoti ya umeme. Walimwambia achukulie kwamba anaomba kazi, wakampa dakika 10 za kujiandaa, kisha wakamsimamisha mbele ya jopo ajieleze kwa dakika 5 kwa nini yeye ndiye anayeifaa nafasi hiyo. Akinyamaza mapema anaambiwa tu kwamba muda bado upo, aendelee. Akimaliza, anapewa hesabu ya kutoa 13 kutoka 1,022 kwa sauti, tena na tena, na kila akikosea anarudi mwanzo. Muda wote huo wanajopo wanamtazama bila tabasamu na bila kutikisa kichwa.

Kwa watu wengi matokeo yalikuwa dhahiri. Mapigo ya moyo yalipanda, na kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga unapobanwa, iliongezeka mara mbili hadi nne. Tangu hapo maabara nyingi duniani zinazochunguza msongo hutumia jaribio hilo. Kwa hiyo anayetafuta kazi na kujilaumu kwamba ni mwoga, eti wenzake wote wanaingia kwenye usaili wakiwa wametulia, ajue jambo hili: wanasayansi walipotafuta kitu cha kuaminika cha kuushtua mwili wa binadamu, walichagua usaili wa kazi.

Mshtuko huo hauepukiki. Linalobaki mikononi mwa msailiwa ni kuamua utamfanyia kazi gani.

Mwili unafanya nini pale mlangoni

Jina lako linapoitwa, ubongo unapokea taarifa kwamba jambo kubwa linaanza. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi ili damu nyingi ifike kwenye misuli na kwenye ubongo. Pumzi zinakuwa za haraka. Ini linatoa sukari iliyohifadhiwa ili mwili upate nguvu za papo hapo. Shughuli zinazoweza kusubiri zinapunguzwa: tumbo linasimamisha usagaji na kuanza kusokota, mate yanapungua na ulimi unakuwa mkavu. Mishipa midogo ya damu kwenye ngozi inabana, ndiyo maana vidole vinakuwa baridi huku viganja vikitoa jasho.

Ukiyasoma hayo taratibu utaona kwamba karibu yote ni maandalizi. Mwanariadha kwenye mstari wa kuanzia ana moyo unaodunda vilevile, na hakuna anayemwambia kwamba anaumwa. Msailiwa naye anapatwa na hayohayo, ila yeye huyapa maana nyingine. Anasikia moyo ukienda mbio, anajiambia, "Nimeshaharibu," na kuanzia hapo akili inagawanyika. Nusu inasikiliza swali, nusu inauchunga mwili: je, wameona mikono inatetemeka? Sauti imebadilika? Kinachompotezea jibu ni mgawanyiko huo zaidi ya mapigo yenyewe.

Jambo lingine la kujua ni kwamba msisimko huo haukai kwenye kiwango kimoja. Kwa watu wengi hufika kileleni wakati wa kusubiri mwisho mwisho na katika dakika ya kwanza ya kuzungumza, halafu unaanza kushuka wenyewe. Anayelifahamu hilo hashtuki dakika ya kwanza inapokuwa ngumu, na analiandaa jibu la kwanza kuliko mengine yote.

Kwa nini "tulia" haisaidii sana

Ushauri wa kwanza ambao kila mtu hupewa ni kutulia. Alison Wood Brooks wa Shule ya Biashara ya Harvard aliupima ushauri huo katika utafiti aliouchapisha mwaka 2014. Katika sehemu moja ya utafiti, washiriki walitakiwa kutoa hotuba fupi mbele ya kamera wakieleza kwa nini wao ni watu wazuri wa kufanya nao kazi, jambo ambalo liko karibu sana na usaili. Kabla ya kuanza, baadhi yao walitamka kwamba wametulia na wengine wakatamka kwamba wana hamasa. Waliojitangazia hamasa walizungumza kwa muda mrefu zaidi, na waliowatazama waliwaona wana ushawishi na wanajiamini kuliko wale wa kutulia. Alipowajaribu wengine katika kuimba na katika hesabu, mwelekeo ulikuwa uleule.

Sehemu yenye funzo zaidi ni kwamba mioyo ya wenye hamasa haikupunguza kasi. Waliendelea kudundwa na kifua, lakini walifanya vizuri. Sababu inaeleweka. Kutoka kwenye wasiwasi hadi kwenye utulivu ni safari ndefu, kwa kuwa inabidi mwili uzimwe na wakati huohuo fikra zigeuzwe. Kutoka kwenye wasiwasi hadi kwenye hamasa ni hatua moja tu, kwa sababu mwili umekwisha kuamka na kinachobadilishwa ni maana yake.

Jeremy Jamieson na wenzake nchini Marekani walikuwa wamefikia jambo linalofanana mwaka 2010. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa kuingia masomo ya juu walifanya jaribio maabara. Nusu yao waliambiwa mapema kwamba mwili kusisimka wakati wa mtihani hakudhuru matokeo na huenda kukasaidia. Hao walipata alama za juu zaidi kwenye hesabu siku ile, na baadaye kwenye hesabu za mtihani wenyewe. Kwenye sehemu ya lugha tofauti haikuonekana. Kwa hiyo tusiichukulie kama dawa ya kila kitu. Ni maelezo ya kweli kuhusu mwili, ambayo humwondolea mtu mzigo wa kuuchunga.

Namna ya kuitumia ni nyepesi, mradi ifanywe kwa maneno mahususi. Maneno matupu kama "mimi ni mshindi" hayashiki, kwa sababu akili yenyewe haiyaamini. Taja kwanza kile mwili unachofanya, kisha ukipe kazi: "Moyo unadunda kwa sababu unanipelekea nguvu. Nina hamu ya kuwaeleza nilichofanya." Yatamke kwa sauti ya chini ukiwa nje, hata mara mbili tatu. Pumzi nayo ina nafasi yake. Vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita, mara tano. Lengo lake ni kushusha mabega na kuipa sauti hewa ya kutosha ili isikatike katikati ya sentensi. Ukitaka pumzi ikuzimie moyo kabisa, utabaki unaukagua na utarudi kulekule.

Kusoma majibu si kuyafanyia mazoezi

Maneno hayo hayatamsaidia asiye na la kusema. Hapa ndipo wasailiwa wengi hujidanganya bila kujua. Wanachukua daftari, wanaandika maswali yanayotarajiwa na majibu mazuri, kisha wanayasoma usiku hadi usiku. Kila wakisoma wanaona wanayajua. Wakifika mbele ya jopo, jibu halitoki.

Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walilionyesha hilo mwaka 2006. Baadhi ya wanafunzi walisoma habari fulani kisha wakairudia kuisoma, wengine wakaisoma kisha wakajipima kwa kuikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawa mbele. Kusoma tena kunaleta hisia ya kujua, bali kinachojenga njia ya kulipata jibu ni kulitafuta kichwani bila karatasi.

Tena, daftarini unasoma ukiwa umekaa kitandani, moyo umetulia, hakuna anayekutazama. Kwenye usaili utaulizwa ukiwa na koo kavu na watu wanaoandika. Mazoezi ya kweli hufanana na siku yenyewe.

Tuchukue mfano. Kuna binti mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi, ambaye tangu amalize chuo anajitolea kwenye ghala la kituo cha afya. Aliomba nafasi ya msaidizi wa ugavi serikalini, akapita mchujo wa maandishi, sasa ameitwa kwenye usaili wa ana kwa ana. Swali moja ambalo hakosi kuulizwa kwa namna moja au nyingine ni hili: "Tueleze tatizo ulilokutana nalo kazini na namna ulivyolitatua."

Jibu lake la kwanza daftarini lilikuwa hivi: "Mimi ni mchapakazi, ninajituma, ninaweza kufanya kazi na watu wa aina zote na katika mazingira magumu." Sentensi hiyo inaweza kusemwa na dereva, mwalimu au mpishi. Wasaili wameisikia tangu asubuhi, na kwenye fomu zao haina cha kupewa alama. Inakaririka kwa taabu pia, kwa sababu haijashikamana na jambo lolote lililotokea.

Alipoulizwa ghalani kulitokea nini hasa, likatoka jibu hili:

"Mwezi mmoja tulipohesabu mali, leja ilionyesha maboksi 48 ya glavu, lakini rafuni yalikuwapo 41. Msimamizi aliniagiza nitafute saba yamekwenda wapi. Nilipitia hati za kutolea bidhaa siku kwa siku, nikawauliza na wa zamu, nikakuta tatizo liko usiku. Wauguzi wa wodi ya wazazi walikuwa wanachukua glavu ghala likiwa halina mtu wa kuandika. Nilipendekeza daftari dogo likae kwa muuguzi wa zamu, na kila asubuhi ninaliingiza kwenye leja. Mwezi uliofuata tofauti ilikuwa boksi moja, nalo tulilikuta kwenye rafu nyingine."

Jibu zima linachukua kama dakika moja. Lina hali ilivyokuwa, kazi aliyopewa, alichofanya yeye mwenyewe na matokeo yenye namba. Hakuna haja ya kukariri sentensi zake. Aandike kwenye kikaratasi nguzo nne tu: 48 na 41, usiku, daftari, boksi moja. Aliyekariri sentensi akipoteza neno moja hupotea kabisa, kwa kuwa kila neno lilikuwa linashikilia linalofuata. Mwenye nguzo akipoteza neno atatumia lingine, maana tukio lenyewe analijua. Hilo lina uzito zaidi pale usaili unapoendeshwa kwa Kiingereza. Sentensi ya Kiingereza iliyokaririwa ndiyo ya kwanza kutoweka mtu akibanwa, kwa hiyo mazoezi yafanywe kwa lugha ya usaili wenyewe, kwa maneno mepesi ambayo msailiwa huyatumia kweli.

Matukio manne au matano ya namna hii yanatosha. Tukio la glavu linaweza kujibu swali la tatizo, la uadilifu, la kufanya kazi na wenzako na la kutunza kumbukumbu, kila mara likianzia upande tofauti.

Jopo la sebuleni

Baada ya nguzo kukaa sawa, binti huyu anahitaji watu. Anamwomba shangazi yake, mdogo wake wa kidato cha tano, na jirani yao mwalimu mstaafu, wakae upande mmoja wa meza. Anawapa masharti: wasitabasamu, wasimsaidie, waandike anapozungumza, na baada ya kila jibu mmoja aulize "kwa nini?" Yeye anatoka nje na kusubiri, anabisha hodi, anaingia na viatu atakavyovaa siku hiyo.

Mazoezi ya kwanza huwa mabaya, na yanapaswa kuwa hivyo.

"Karibu, kaa. Jieleze kwa ufupi."

Anaanza vizuri, anafika kwenye chuo alichosoma, anakwama. "Samahani mwalimu, naomba nianze upya."

"Hakuna kuanza upya, mwanangu. Endelea hapo ulipoishia."

Mwalimu amefanya jambo la maana sana. Kukwama kutatokea hata siku yenyewe, na anayezoea kuanza upya nyumbani hajui atoke vipi kwenye shimo hilo. Njia ya kutoka nayo inafanyiwa mazoezi. Kwanza nyamaza kwa sekunde tatu. Kwako zitaonekana nyingi, kwa msikilizaji ni mtu anayefikiri. Kisha lirudie swali kwa maneno yako: "Mmeniuliza namna nilivyolitatua tatizo." Halafu shika nguzo yoyote unayoiona, hata ikiwa ya mwisho, na uendelee kutoka hapo.

Maswali ya nyongeza ndiyo yanayoonyesha kama jibu limeiva. "Kwa nini hukudhani zimeibwa?" "Wauguzi wangekataa kuandika ungefanyaje?" Aliyekuwepo ghalani atajibu. Aliyebuni tukio au aliyekariri la mwenzake atanaswa hapa, na ni afadhali anaswe na shangazi.

Kwenye mazoezi ya pili aongeze mwili. Kabla ya kubisha hodi aruke kamba au apande na kushuka ngazi kwa dakika moja, kisha aingie akiwa bado anahema na ajibu swali la kwanza. Wataalamu wa tiba ya kisaikolojia hutumia zoezi la jamii hii kwa watu wanaoogopa mapigo ya moyo wao wenyewe. Linawafundisha kwamba inawezekana kufikiri na kusema huku kifua kikidunda. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au mjamzito alipite zoezi hili.

Aweke simu irekodi. Akisikiliza asijichukie kwa sauti yake, atafute mambo matatu tu: je, nimejibu swali lililoulizwa? Je, nimekimbia? Je, nimesema "tulifanya" mahali ambapo nilifanya mimi? Adrenalini huharakisha ulimi, na jibu la dakika moja nyumbani hugeuka sekunde 35 mbele ya jopo. Dawa yake ni kuweka kituo kamili baada ya kila nguzo na kuvuta pumzi hapo. Vikao vitatu vyenye siku moja au mbili kati yake vinafaa kuliko usiku mmoja wa kukesha, kwa sababu kila ukirudi baada ya kusahau kidogo unalazimika kulitafuta jibu upya.

Jibu la "Jieleze kwa ufupi" lipewe mazoezi mengi kuliko yote, maana linaangukia kwenye kile kilele cha msisimko. Liwe la sekunde 60 hadi 90: wewe ni nani kitaaluma, umefanya nini kinachohusiana na nafasi hii, na kwa nini unaitaka.

Siku yenyewe

Usaili mkubwa una kusubiri kwingi. Unafika saa moja asubuhi, unaitwa saa nane mchana. Vyeti halisi na kitambulisho viwe vimepangwa kwenye bahasha tangu jana yake, maana kutafuta cheti ukiwa foleni ni kuuongezea moto mwili ulioamka tayari. Kunywa maji, kula chakula ulichokizoea, na uviepuke vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa sababu kafeini inaongeza mtetemeko juu ya mtetemeko. Usiwazunguke wanaotoka kuwauliza wameulizwa nini. Utaanza kuandaa majibu mapya saa ya mwisho na kuyavuruga ya zamani. Dakika 10 za mwisho tembea kidogo, tazama kikaratasi cha nguzo mara moja, kiweke mfukoni, na useme maneno yako ya hamu.

Ndani, kumbuka lile jopo la Trier. Wasaili wengi huwauliza watu wote maswali yaleyale na kujaza alama wakati unaongea. Wameinama kwa sababu wanaandika, na uso usiocheka haujatoa hukumu. Kumbuka pia kwamba hofu yako haionekani kama unavyodhani. Gilovich, Savitsky na Medvec walionyesha mwaka 1998 kwamba watu hukadiria kupita kiasi namna hisia zao za ndani zinavyosomeka na wengine, na baadaye Savitsky na Gilovich walionyesha hivyo kwa watoa hotuba: msemaji alijiona ana wasiwasi mwingi kuliko wasikilizaji walivyoona. Waliojulishwa jambo hilo mapema walizungumza vizuri zaidi.

Kuna mpaka wa haya yote. Mtu anayekosa usingizi wiki nzima kabla ya usaili, anayezimia au kukosa pumzi, au aliyekwisha kuacha kuomba kazi kwa sababu ya hofu, anahitaji kuonana na daktari au mwanasaikolojia. Tatizo hilo lina tiba inayofanya kazi. Asikubali kupewa vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo na rafiki. Dawa kama propranolo ni hatari kwa mwenye pumu, na inapaswa kuandikwa na daktari.

Ukitoka, usikae kujadili uliyokosea. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika maswali yote uliyoulizwa na mahali ulipokwama. Hayo ndiyo maswali atakayoshika mwalimu jirani kwenye kikao kijacho cha sebuleni, iwe umeitwa kazini kwingine au bado unasubiri, na yatakuwa ya kweli kuliko yoyote uliyoweza kuyakisia.